Ukuaji wa asilimia 87 uliotokana na milioni 6: uchambuzi wa kisa

Muhtasari wa nusu mwaka uliopelekwa kwenye bodi ya SACCOS moja ulikuwa wa ukurasa mmoja, na mstari wake wa kwanza ulisomeka hivi: "Mikopo iliyotolewa na matawi yetu imekua kwa wastani wa asilimia 87 ikilinganishwa na kipindi kama hiki mwaka jana." Hakuna aliyepika namba. Kiasi cha kila tawi kilitoka kwenye daftari la mikopo na kililingana nalo, na asilimia ya kila tawi ilikuwa sahihi. Hata hivyo matawi hayo kwa pamoja yalikuwa yamekopesha shilingi milioni 6 tu zaidi ya mwaka uliotangulia, juu ya milioni 1,495. Hiyo ni asilimia 0.4.

SACCOS hii ni ya kubuni, na namba zake zimechaguliwa ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Makosa yenyewe si ya kubuni: ndiyo yanayojirudia kwenye taarifa za matawi, za mauzo na za miradi, na karibu kila mara huingia kwa njia hii hii.

Jedwali lililokuwa nyuma ya muhtasari ni hili. Kiasi ni kwa milioni za shilingi, Januari hadi Juni.

| Tawi | 2023 | 2024 | Badiliko |
|---|---|---|---|
| Mjini | 820 | 779 | −5% |
| Sokoni | 400 | 412 | +3% |
| Stendi | 250 | 245 | −2% |
| Mnadani | 20 | 44 | +120% |
| Kisimani | 5 | 21 | +320% |
| Darajani | 0 | 12 | ? |

Darajani ni tawi jipya lililofunguliwa Februari 2024. Tutalirudia, kwa sababu alama yake ya kuuliza ilizaa tatizo la peke yake.

Ile 87 ilitoka wapi

Mwandaaji aliweka fomula ya badiliko kwenye safu ya D, akaiburuta hadi chini, kisha akafanya kile ambacho mkono hufanya wenyewe chini ya safu yoyote ya namba:

```
D2:  =(C2-B2)/B2
D8:  =AVERAGE(D2:D6)
```

Jumla ya −5, 3, −2, 120 na 320 ni 436. Gawanya kwa 5, unapata 87.2. Excel haikukosea. Ilijibu swali ililoulizwa, yaani "wastani wa hizi namba tano ni ngapi", na katika swali hilo kila tawi lina kura moja. Kisimani iliyokopesha milioni 5 ina sauti sawa na Mjini iliyokopesha milioni 820. Bodi haikuuliza hivyo. Ilitaka kujua kama fedha inayokwenda kwa wanachama imeongezeka, na kwa swali hilo shilingi ya Kisimani haina sababu ya kuhesabiwa mara 164 zaidi ya shilingi ya Mjini.

Hesabu ya swali la bodi huanza kwenye jumla, asilimia huja mwisho:

```
=(SUM(C2:C6)-SUM(B2:B6))/SUM(B2:B6)
```

Mwaka 2023 matawi matano yalikopesha milioni 1,495. Mwaka 2024 yalikopesha milioni 1,501. Tofauti ni 6, na 6 ukigawanya kwa 1,495 ni asilimia 0.4.

Kuna wakati mwandaaji hana kiasi cha matawi mkononi. Ametumiwa asilimia peke yake, pamoja na kiasi cha mwaka jana kutoka taarifa ya zamani. Hapo wastani bado unaweza kupatikana kwa usahihi, mradi kila asilimia ipewe uzito wa kiasi ilichoanzia:

```
=SUMPRODUCT(B2:B6,D2:D6)/SUM(B2:B6)
```

Jibu ni lile lile, 0.4. Uzito lazima uwe wa kipindi cha kwanza, yaani safu ya B. Ukitumia safu ya C unaongeza nguvu ya matawi yaliyokua na kupunguza ya yaliyoshuka, na jibu linapanda bila sababu. Kwa jedwali hili uzito wa safu ya C unatoa asilimia 5.9 badala ya 0.4. Kosa hilo ni gumu kuonekana kwa sababu 5.9 inaonekana kama namba ya kuaminika, tofauti na 87 ambayo angalau inamfanya mtu ainue nyusi.

Wazo la uzito si geni kwa yeyote anayefuatilia takwimu za bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu haichukui mabadiliko ya bei ya mchele, nauli, mkaa na chumvi ikayajumlisha na kugawanya kwa idadi ya bidhaa. Kila kundi lina uzito wake kwenye fahirisi, unaotokana na matumizi halisi ya kaya. Chumvi ikipanda bei maradufu, mfumuko wa bei wa taifa hautikisiki. Muhtasari ule uliiacha chumvi iamue mfumuko wote.

Kuna mtego mmoja zaidi wa wastani, unaowapata wanaotumia PivotTable. Ukiwa na safu ya asilimia kwenye data ya chanzo na ukaiingiza kwenye PivotTable, kisha ukachagua Average, mstari wa jumla utakupa wastani wa kura moja kwa kila mstari wa chanzo. Ukiunda asilimia hiyo ndani ya PivotTable kwa Calculated Field, programu hujumlisha kiasi cha vipindi vyote viwili kwanza ndipo igawanye, na mstari wa jumla unakuwa sahihi. Majedwali mawili yanaweza kuonyesha asilimia zile zile kwa kila tawi na kutofautiana kwenye mstari wa mwisho tu. Ukiona hivyo, angalia asilimia imezaliwa wapi.

Kisimani na hesabu ya mikopo miwili

Hata kama wastani ule usingetumika, 320 ya Kisimani ingebaki kwenye jedwali, na ndiyo iliyoandikwa kwa herufi nzito kwenye aya ya pili ya muhtasari: "Kisimani imeongoza kwa ukuaji wa asilimia 320." Tuiangalie kwa karibu.

Milioni 5 za mwaka 2023 zilikuwa mikopo miwili ya milioni 2.5 kila mmoja. Milioni 21 za mwaka 2024 zilikuwa mikopo saba ya milioni 3. Kwa hiyo habari yote ya Kisimani ni kwamba watu saba walikopa badala ya wawili. Ni habari njema kwa afisa mikopo wa pale. Lakini je, asilimia 320 ni kipimo cha kitu chochote kilicho imara?

Njia ya kujua ni kuhamisha mkopo mmoja. Chukua mkopo mmoja wa 2024, useme fomu yake ilichelewa kusainiwa na fedha zikatoka Julai badala ya Juni. Kisimani inabaki na milioni 18, na ukuaji wake unashuka kutoka 320 hadi 260. Siku chache za kuchelewa kwa karatasi moja zimefuta pointi 60. Sasa hamisha mkopo ule ule wa milioni 3 kutoka Mjini: 779 inakuwa 776, na −5 inakuwa −5.4. Tukio ni moja, ila kwenye tawi dogo linapindua habari na kwenye tawi kubwa halionekani.

Kuhamisha mkopo upande wa mwaka wa kwanza ni kubaya zaidi, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayogawanya. Kama mmoja wa ile mikopo miwili ya 2023 ungetolewa Julai, Kisimani ingeanzia milioni 2.5, na ukuaji wake ungesomeka asilimia 740. Utendaji wa 2024 haujabadilika hata kwa shilingi moja. Kilichobadilika ni mwaka jana, na sifa zimekwenda mwaka huu.

Jaribio hili linaweza kugeuzwa kuwa kanuni, na hapa ndipo wengi hubahatisha. Husema "tusiandike asilimia kwa matawi madogo", lakini dogo ni lipi? Jibu linategemea ukubwa wa muamala wa kawaida. Amua kwanza ni pointi ngapi uko tayari kuziona zikihama kwa sababu ya muamala mmoja tu. Tuseme 5. Mkopo wa kawaida kwenye SACCOS hii ni milioni 3 hadi 4; chukua 4. Gawanya 4 kwa 0.05, unapata 80. Tawi lolote lililoanzia chini ya milioni 80 halipewi asilimia kwenye muhtasari. Linaandikwa kwa kiasi na idadi: "Kisimani: mikopo 7 badala ya 2, milioni 21 badala ya 5." Mnadani na Kisimani zinaangukia chini ya mstari huo, Stendi yenye 250 inapita kwa mbali.

Kiwango hiki kiwekwe kabla namba za kipindi hazijafika, na kiandikwe chini ya jedwali. Kikiwekwa baada ya kuona matokeo, kila meneja atakuwa na sababu nzuri ya kukisogeza. Tena kinafanya kazi pande zote mbili: tawi dogo likishuka kutoka milioni 8 hadi 4, halitaaibishwa kwa "kuporomoka kwa asilimia 50" wakati kilichotokea ni mkopo mmoja kukosekana.

Darajani na njia tatu za kuficha kosa

Tawi jipya halina mwaka jana. Fomula ya D7 inagawanya kwa sifuri na kutoa `#DIV/0!`, na kosa hilo likiwa ndani ya eneo la AVERAGE, wastani wote nao unageuka kosa. Hapo mwandaaji hukimbilia IFERROR ili jedwali lisafike. Kinachotokea baadaye kinategemea alichoandika baada ya koma:

```
=IFERROR((C7-B7)/B7,0)
=IFERROR((C7-B7)/B7,"")
=IFERROR((C7-B7)/B7,1)
```

Ya kwanza inaiita Darajani tawi lisilokua kabisa, na wastani wa matawi sita unakuwa 72.7. Ya pili inaacha nafasi wazi, AVERAGE inairuka, na tunabaki na 87.2. Ya tatu inatokana na imani iliyoenea kwamba kutoka sifuri kwenda popote ni ukuaji wa asilimia 100, na inatoa 89.3. Vichwa vitatu vya habari kutoka jedwali moja, na tofauti yao ni chaguo ambalo hakuna mjumbe wa bodi aliyeliona.

Kutoka sifuri hakuna asilimia. Si mia, si sifuri, wala si "isiyo na kikomo" kwa maana yoyote inayomsaidia meneja. Weka neno badala ya namba:

```
=IF(B7=0,"mpya",(C7-B7)/B7)
```

IF hii ina faida nyingine juu ya IFERROR. Inashika sifuri na seli tupu peke yake. IFERROR humeza kila kosa, pamoja na lile la mtu aliyeandika "12m" badala ya 12 kwenye seli, na wewe utaona nafasi safi tu.

Tawi jipya linahitaji uamuzi mwingine, wa kulihesabu au kutolihesabu kwenye jumla. Ukiliweka, SACCOS nzima imetoka 1,495 hadi 1,513, asilimia 1.2. Ukiliacha, matawi yaliyokuwapo vipindi vyote viwili yamekua kwa 0.4. Zote mbili ni za kweli, na zinajibu maswali tofauti: ya kwanza inahusu ukubwa wa SACCOS, ya pili inahusu kama matawi ya zamani yanaendelea. Ziandikwe zote mbili kwenye sentensi moja. Hapa zinafichua jambo muhimu: katika ongezeko la milioni 18, tawi lililofunguliwa Februari limeleta 12. Theluthi mbili ya ukuaji ni kufungua mlango mpya.

Na kwa kuwa tumefika kwenye asilimia ndogo kama hizi, bei haiwezi kupuuzwa. Mfumuko wa bei Tanzania nusu ya kwanza ya 2024 ulikuwa karibu na asilimia 3 kwa mwaka. Milioni 1,501 za 2024 zilinunua kidogo kuliko milioni 1,495 za 2023. Ukiondoa athari ya bei, matawi matano yamepungua kwa takriban asilimia 2.5. Wakati ukuaji ulikuwa 87, hakuna aliyefikiria kuuliza kuhusu bei.

Mwezi kwa mwezi

Muhtasari ule ulikuwa na sentensi nyingine yenye sura ya kitaalamu zaidi: "Mnadani inakua kwa wastani wa asilimia 33 kila mwezi." Kiasi cha Mnadani kwa mwezi, kwa milioni, kilikuwa hiki:

| Jan | Feb | Mac | Apr | Mei | Jun |
|---|---|---|---|---|---|
| 8 | 4 | 8 | 4 | 12 | 8 |

Mabadiliko ya mwezi hadi mwezi ni −50, +100, −50, +200 na −33.3. Jumla ni 166.7, gawanya kwa 5, unapata 33.3. Sasa tazama ncha mbili: Januari 8, Juni 8. Tawi halijaenda popote, lakini wastani unasema linakua kwa theluthi kila mwezi. Kama hilo lingekuwa kweli, milioni 8 za Januari zingefika karibu milioni 34 ifikapo Juni.

Sababu ni kwamba kushuka na kupanda havipimwi kwa rula moja. Kutoka 8 hadi 4 ni kupoteza nusu, asilimia 50. Kurudi kutoka 4 hadi 8 ni kuongeza maradufu, asilimia 100. Safari ya kwenda na kurudi inaacha +50 kwenye jumla, ingawa umerudi ulipoanzia. Kwa hiyo kadiri namba inavyoyumba, ndivyo wastani wa asilimia za mwezi unavyopanda, hata kama hakuna ukuaji. Biashara inayoyumba sana huonekana kukua kuliko inayotulia, na kwenye matawi madogo kuyumba ndiyo hali ya kawaida.

Mabadiliko ya vipindi vinavyofuatana hayajumlishwi, huzidishwa. Kasi ya mwezi inayolingana hupatikana kwa kugawanya mwisho kwa mwanzo na kuchukua mzizi wa idadi ya hatua:

```
=(G2/B2)^(1/5)-1
```

Hatua ni tano, si sita, kwa sababu miezi sita ina nafasi tano katikati yake. Jibu hapa ni 0.

Lakini fomula hii nayo ina udhaifu wake: inaangalia ncha tu. Kama ungeanza na Februari (4) na kuishia Mei (12), hatua tatu, ingekupa asilimia 44 kwa mwezi. Kwa namba zinazoyumba hivi, bora kulinganisha vipande vikubwa. Robo ya kwanza ni milioni 20, robo ya pili ni 24. Ongezeko la milioni 4, yaani mkopo mmoja wa kawaida. Hapo ndipo ukweli wa Mnadani ulipo, na hauhitaji asilimia yoyote.

Ziada iliyogeuka kichwa chini

Chini ya ukurasa kulikuwa na mstari kuhusu ziada ya matawi, ambao ulisema Kisimani "imeshuka kwa asilimia 150". Kisimani ilikuwa na hasara ya milioni 2 mwaka 2023 na ziada ya milioni 1 mwaka 2024. Fomula ilifanya kazi yake: 1 kutoa −2 ni 3, gawanya kwa −2, unapata −1.5. Tawi lililotoka hasarani limeandikwa kama lililoporomoka. Kinyume chake ni hatari zaidi: tawi ambalo hasara yake imekua kutoka milioni 2 hadi 6 lingeonyesha +200, na rangi ya kijani kwenye seli.

Baadhi hurekebisha kwa kuweka ABS(B2) chini ya mstari wa kugawanya. Alama inanyooka, lakini ukubwa wa namba bado hauna maana. Hasara ya milioni 2 iliyogeuka ziada ya 1 inakuwa +150. Hasara ndogo ya laki 1 iliyogeuka ziada ile ile inakuwa +1,100. Aliyepiga hatua fupi ndiye anayepata namba kubwa. Pale msingi unapoweza kuwa chini ya sifuri, asilimia iachwe, na maneno yatoshe: kutoka hasara ya milioni 2 hadi ziada ya milioni 1.

Na kwa uwiano ambao wenyewe ni asilimia, kama mikopo chechefu, kosa hubadilika sura. Uwiano ukitoka 4 hadi 6, umepanda kwa pointi 2 za asilimia, au kwa asilimia 50 ya ulivyokuwa. Andika ncha zote mbili, "kutoka asilimia 4 hadi 6", na ubishi unaisha.

Badala ya asilimia, mchango

Baada ya kuondoa yote yasiyosimama, bodi bado inataka kujua nani amefanya nini. Kipimo kinachofaa ni mchango wa kila tawi kwenye badiliko la jumla: chukua tofauti ya tawi kwa shilingi, ugawanye kwa jumla ya SACCOS nzima ya mwaka wa kwanza.

```
=(C2-B2)/SUM($B$2:$B$7)
```

| Tawi | Tofauti (milioni) | Mchango (pointi) |
|---|---|---|
| Mjini | −41 | −2.74 |
| Sokoni | +12 | +0.80 |
| Stendi | −5 | −0.33 |
| Mnadani | +24 | +1.61 |
| Kisimani | +16 | +1.07 |
| Darajani | +12 | +0.80 |
| Jumla | +18 | +1.20 |

Ukijumlisha safu ya mwisho kwa mkono utapata 1.21, kwa sababu ya kukadiria desimali. Ubora wa safu hii ni kwamba inajumlishika, jambo ambalo asilimia za matawi haziwezi. Inashughulikia tawi jipya bila kugawanya kwa sifuri, na kila tawi limepimwa kwa rula moja. Kisimani haijanyimwa haki yake pia: milioni 16 ni zaidi ya Sokoni, na inaonekana hivyo.

Kinachojitokeza mara moja ni Mjini. Katika muhtasari wa mwanzo ilikuwa −5 iliyozama kati ya 120 na 320. Hapa ndiyo namba kubwa kuliko zote, na imefuta karibu theluthi mbili ya kilichopatikana kwingine. Tawi hili lilikuwa na asilimia 55 ya mikopo yote ya 2023. Ukiliondoa, matawi mengine manne ya zamani yametoka 675 hadi 722, ongezeko la asilimia 7. Swali la bodi halikupaswa kuwa "tuipongeze vipi Kisimani" bali "Mjini kuna nini".

Jibu la awali limo kwenye daftari lile lile. Mjini ilitoa mikopo 205 mwaka 2023, wastani wa milioni 4.0. Mwaka 2024 ilitoa 190, wastani wa milioni 4.1. Idadi imeshuka kwa asilimia 7.3 na ukubwa wa mkopo umepanda kwa asilimia 2.5. (Hizi nazo huzidishwa: 0.927 mara 1.025 ni 0.95. Ukizijumlisha unapata −4.8, si −5.) Wanaokopa wamepungua, ila kila mmoja anachukua mkopo mkubwa kidogo kuliko mwaka jana. Kama hao 15 wamekataliwa, wamehamia kwingine au hawajaomba kabisa, jedwali halisemi, na muhtasari usijifanye unajua.

Wastani wa kura moja kwa kila tawi una nafasi yake, kwa kuwa si kila swali ni la shilingi. Mtu wa mafunzo akitaka kujua hali ya tawi la kawaida, kila tawi linaweza kuhesabiwa sawa. Lakini hata hapo apange asilimia kwa ukubwa na achukue ya katikati: −5, −2, 3, 120, 320. Ya katikati ni 3. Namba hiyo haijali kama Kisimani ni 320 au 740.

Mstari wa kwanza wa muhtasari ukaandikwa upya hivi: "Mikopo iliyotolewa Januari–Juni 2024 ni shilingi milioni 1,513, ikilinganishwa na milioni 1,495 mwaka jana (ongezeko la milioni 18, asilimia 1.2; bila tawi jipya la Darajani ni asilimia 0.4, chini ya mfumuko wa bei). Mjini imepungua kwa milioni 41 kwa sababu idadi ya mikopo imeshuka kutoka 205 hadi 190. Mnadani na Kisimani zimeongeza milioni 40 kwa pamoja, kutoka kiwango kidogo. Asilimia hazionyeshwi kwa matawi yaliyoanzia chini ya milioni 80."

Limebaki jambo la mwaka unaofuata, na ni vizuri lishughulikiwe mapema. Asilimia 320 ikishaingia kwenye taarifa, hugeuka kipimo cha kulinganishia. Tuseme Kisimani itaongeza milioni 16 nyingine mwaka 2025 na kufika 37. Kazi ni ile ile, wateja wapya ni wengi vile vile, lakini msingi sasa ni 21, na ukuaji utasomeka asilimia 76. Grafu itachora nguzo ndefu ya 320 ikifuatiwa na fupi ya 76, na mtu atauliza kwa nini kasi ya Kisimani imeanguka. Ikichorwa kwa shilingi, nguzo tatu za 5, 21 na 37 zitapanda kwa hatua zinazolingana, na hakuna atakayeitwa kujieleza.